Kufupisha sura ndefu kwa ajili ya klabu ya usomaji: njia tatu na mahali pa kila moja

Umepangiwa sura ya nne ya kitabu cha Walter Rodney, kile cha mwaka 1972 kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kimaendeleo. Ni kurasa hamsini hivi, kutegemea toleo ulilonalo. Klabu inakutana Jumamosi, na unajua kabisa kwamba nusu ya wenzako watafika wakiwa hawajaimaliza. Unatakiwa uwapelekee ukurasa mmoja, maneno 400 hadi 500, ambao utamwezesha aliyesoma na ambaye hakusoma kukaa meza moja na kujadiliana.

Nimechagua sura hii kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, klabu nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hukifikia kitabu hiki mapema au baadaye. Rodney alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na toleo la kwanza lilichapishwa London kwa kushirikiana na Tanzania Publishing House. Pili, ni sura inayomponyoka mfupishaji. Ina sehemu nne: biashara ya utumwa iliyoendeshwa na Wazungu, kudumaa kwa ufundi na kupotoka kwa uchumi, maendeleo ya kisiasa na kijeshi yaliyoendelea licha ya hayo yote, na mwisho ujio wa ubeberu. Sehemu ya tatu inaonekana kupingana na mbili za kwanza, na hapo ndipo mihtasari mingi inapovunjika.

Zipo njia tatu ambazo watu hutumia. Nimezitumia zote kwa nyakati tofauti, na kila moja ina siku yake.

## Tutapimia nini

Wengi wetu tulijifunza ufupisho shuleni: kifungu cha aya nne, nakala chafu, nakala safi, na agizo la kuacha mifano, tamathali na marudio. Kwa mtihani agizo hilo lilikuwa sawa. Kwa klabu ya usomaji halifai, kwa sababu watu hawajadili hoja tupu. Wanajadili hoja pamoja na ushahidi wake. Kwa hiyo vipimo vyetu ni vingine.

Cha kwanza ni hoja: je, imebaki na viungo vyake, yaani "kwa sababu", "ingawa", "kwa hiyo"? Cha pili ni mifano: je, iliyobaki bado inafanya kazi aliyoipa mwandishi? Cha tatu ni kiasi cha uhakika: mwandishi alipokadiria, je, muhtasari nao unakadiria, au umegeuza makadirio kuwa ukweli usiopingika? Cha nne ni muda wako. Cha tano ni msikilizaji, yaani nani atanufaika zaidi na ukurasa huo.

Kwenye mifano niongeze jambo moja, maana ndiko uamuzi ulipo mgumu. Mfano ndani ya sura huwa unafanya mojawapo ya kazi tatu. Kuna unaothibitisha, ambao ukiuondoa dai linabaki halina mguu. Kuna unaofafanua, ambao ukiuondoa dai linabaki limesimama ila halionekani vizuri. Na kuna unaojibu pingamizi, ambao ukiuondoa msomaji atauliza swali ambalo mwandishi alikwisha kulijibu. Wa kwanza na wa tatu hubaki. Wa pili hubaki nafasi ikiwapo.

## Njia ya kwanza: kumfuata mwandishi aya kwa aya

Unasoma ukiwa na penseli. Kila aya, au kila aya tatu zinazokwenda pamoja, unaandika pembeni sentensi moja ya maneno yako. Ukimaliza kurasa hamsini unazo sentensi sabini au themanini. Unazinakili kwenye daftari, unaunganisha zinazosema jambo moja, unafuta zinazorudia, na unaendelea hivyo hadi ukurasa mmoja.

Hoja. Faida kubwa ni kwamba hakuna sehemu inayosahaulika. Sehemu ya tatu, ile ya Wayoruba, ufalme wa Dahomey katika Benin ya leo, nchi za Maziwa Makuu na Wazulu, itakuwamo tu, kwa sababu uliipitia kwa penseli. Hatari ni kwamba sentensi zote zinafika zikiwa na uzito sawa. Dalili yake unaweza kuiona kwa macho: chukua kalamu nyekundu uzungushie viungo vyote kwenye nakala chafu. Ukikuta "pia", "vilevile" na "aidha" vimejaa, huku "kwa sababu" na "hata hivyo" ni vya kutafuta, basi ulichonacho ni orodha ya mambo yaliyomo kwenye sura. Hoja yenyewe bado hujaiandika.

Mifano. Inabaki mingi mno, na kila mmoja unabaki umepungua damu. Nakala chafu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi kama hii: "Anataja Dahomey, Zanzibar, Wazulu, na wafalme walioomba ufundi Ulaya." Hakuna mtu anayeweza kujadili sentensi hiyo. Majina yapo, lakini kazi zake hazipo.

Kiasi cha uhakika. Hapa njia hii inazishinda nyingine. Mfano mzuri ni jedwali la idadi ya watu. Rodney ananukuu makadirio yanayoonyesha Afrika ikiwa na watu milioni 100 mwaka 1650, milioni 100 mwaka 1850, na milioni 120 mwaka 1900, wakati Ulaya ilitoka milioni 103 hadi 274 hadi 423 katika miaka hiyohiyo. Mara tu baada ya jedwali anakiri kwamba takwimu hizo si sahihi kabisa, ila zinaonyesha mwelekeo. Anayeandika kwa penseli pembeni ataikuta sentensi hiyo ya tahadhari na kuibeba. Anayeandika kwa kumbukumbu mara nyingi hubeba namba na kuiacha tahadhari.

Muda. Kwa kasi yangu ni jioni tatu: mbili za kusoma na kuandika pembeni, moja ya kupunguza.

Inamfaa mfupishaji anayekutana na mada kwa mara ya kwanza, na klabu ambayo wanachama wake wengi wamesoma sura na wanataka ukurasa wa kuwakumbusha mpangilio. Inafaa pia pale muhtasari unapotunzwa kwenye faili la klabu kwa watakaojiunga mwakani.

## Njia ya pili: kuanza na uti wa mgongo

Unasoma sura yote bila kuandika kitu, ila pengine alama ndogo pembeni. Halafu unafunga kitabu. Unaandika sentensi moja inayosema mwandishi anadai nini. Chini yake unaandika "kwa nini?" na kujibu kwa sentensi mbili au tatu. Chini ya kila jibu unauliza "ushahidi gani?" Ndipo unapofungua kitabu tena, kuhakiki na kujaza mifano.

Kwa sura hii sentensi yangu ya juu, baada ya kuiandika upya mara nne, ikawa hivi:

> Rodney anadai kwamba hata kabla ya ukoloni kamili, uhusiano wa Afrika na Ulaya ulikuwa umeshaanza kuirudisha Afrika nyuma, kwa sababu uliiondolea nguvukazi yake na kuuzuia ufundi wake usikue; na ingawa dola kadhaa ziliendelea kujijenga hadi karne ya 19, zilifanya hivyo kwa nguvu zilizoanza nazo zamani au kwa kuwa mbali na biashara ya utumwa, wala si kwa msaada wa biashara hiyo.

Hoja. Hakuna njia inayoitunza vizuri kuliko hii. Angalia jinsi "kwa sababu" na "ingawa" vinavyobeba sura nzima ndani ya sentensi moja. Lakini "ingawa" hiyo ndiyo ya kwanza kuanguka. Mara ya kwanza nilipofupisha sura hii niliandika kwa kumbukumbu, na sentensi yangu iliishia kwenye "usikue". Sehemu ya tatu yote ilikuwa imetoweka, kurasa kadhaa, kwa sababu haikukaa sawa na kile nilichokuwa nimeshaamini kwamba kitabu kinasema. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amesoma aliniuliza kwa upole: "Na Wazulu ndugu yangu, umewaweka wapi?" Sikuwa na jibu. Mjadala wa siku ile ulipungukiwa na swali lake bora kabisa: kama biashara ya utumwa ilibomoa, Dahomey ilipataje kuwa dola yenye nguvu?

Tangu siku hiyo nina hatua moja ambayo siiruki. Nikishaandika sentensi ya juu narudi kwenye vichwa vidogo vya sura na kuuliza kimoja kimoja: wewe umo wapi humu? Kichwa kisicho na nyumba ndani ya sentensi ni ishara kwamba sentensi bado.

Mifano. Unaichagua ukijua unatafuta nini, kwa hiyo michache inatosha. Chini ya dai la nguvukazi nilichukua maelezo ya Rodney kwamba wanunuzi walitaka watu wa umri wa miaka 15 hadi 35, hasa walioingia tu miaka ya ishirini, na kwamba wanaume walikuwa kama wawili kwa kila mwanamke mmoja. Mfano huo unathibitisha: unaonyesha kwamba walichukuliwa wale hasa ambao wangelima, wangefua chuma na wangezaa. Chini ya dai la ufundi nikachukua watawala walioomba ufundi kutoka Ulaya wakanyimwa, kama Opoku Ware wa Asante katika karne ya 18, aliyetaka Wazungu wajenge viwanda nchini kwake. Huu unajibu pingamizi, maana bila huo msomaji atasema Waafrika hawakutaka kujifunza.

Kiasi cha uhakika. Ni udhaifu wa njia hii. Ukiandika kitabu kikiwa kimefungwa, "huenda" na "kwa makadirio" hubaki kitabuni. Dawa ni kutumia vitenzi vinavyomrudishia mwandishi mzigo wake: anadai, anakadiria, anakisia, anaonyesha. Kila kimoja kina uzito tofauti, na kukichagua ni sehemu ya kazi.

Muda. Jioni moja ya kusoma, saa mbili za kuandika. Sentensi ya juu peke yake inaweza kula nusu ya hizo.

Inamfaa anayeijua mada kidogo, na klabu yenye wasomaji mchanganyiko wanaopenda kubishana kwa hoja. Haimfai aliyeingia kwenye kitabu akiwa na msimamo mkali tayari, wa kukiunga mkono au wa kukipinga, isipokuwa awe tayari kuhakikiwa na mwenzake aliyesoma.

## Njia ya tatu: kuanza na mifano

Unachagua mifano mitatu tu, minne ikizidi, unaisimulia kwa ufupi, na unaiacha hoja ipite ndani yake. Kila mfano unapata aya moja: kilichotokea, halafu sentensi inayoanza "Rodney anautumia mfano huu kuonyesha kwamba…" Sentensi hiyo ya pili ni lazima. Ukiiacha, unabaki na hadithi.

Kwa sura hii Dahomey inajichagua yenyewe, kwa kuwa inaonekana pande zote mbili za hoja. Aya yake inaweza kwenda hivi:

> Katika karne ya 16 Dahomey ilijulikana kwa kupeleka chakula hadi maeneo ambayo leo ni Togo. Katika karne ya 19 ilikumbwa na njaa. Rodney anautumia mfano huu kuonyesha kwamba walioumia si waliochukuliwa tu. Waliobaki nao hawakuweza kulima kwa utulivu. Hata hivyo Dahomey hiyohiyo ilikuwa dola yenye utawala uliopangika na jeshi kali, na wanawake wakiwa askari. Kwa Rodney mambo haya mawili hayapingani: siasa na jeshi viliweza kukua huku uchumi ukikauka.

Maneno kama sabini tu, lakini ndani yake mna sehemu ya kwanza na ya tatu za sura, na kiungo kinachoziunganisha.

Hoja. Inabaki, lakini kwa vipande, na msikilizaji ndiye anayeiunganisha. Kwa hiyo mpangilio wa mifano ni kila kitu. Ukianza na Wazulu na kumaliza na umri wa waliochukuliwa, watu wataelewa kinyume: kwamba Afrika ilikuwa ikiendelea vizuri, na utumwa ulikuwa dosari pembeni.

Mifano. Hapa ndiko nyumbani kwake. Lakini mfano wenye moto unaweza kuunguza mingine. Katika sura hii, kwetu sisi wa pwani, ni ule wa Afrika Mashariki. Rodney anasema kile kinachoitwa biashara ya utumwa ya Waarabu kilihusika pia na mahitaji ya Ulaya: katika kilele chake wengi walipelekwa kwenye mashamba ya Wazungu huko Morisi, Reunioni na Shelisheli, na hata karafuu ya Zanzibar, iliyolimwa na watumwa chini ya mabwana Waarabu, ilikuwa ikihudumia mfumo wa kibepari wa Ulaya. Kila mtu mezani ana babu, ana mtaa, ana alichosimuliwa kuhusu jambo hili. Ukiuweka mwanzoni, muda wa klabu utaisha hapohapo. Ukiuacha kabisa, umewanyima wenzako sehemu inayowagusa zaidi. Mimi huuweka wa mwisho, na kuuandika kwa uangalifu: kile anachosema Rodney, bila kukiongeza chumvi na bila kuwafuta mabwana wa mashamba kwenye habari yao, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwafuta.

Kiasi cha uhakika. Ni wa wastani. Simulizi hupenda uhakika, na neno "wengi" huwa "wote" bila mwandishi kujua. Pitia nakala safi ukitafuta maneno ya idadi tu, na ulinganishe kila moja na kitabu.

Muda. Saa mbili hadi tatu baada ya kusoma.

Inamfaa anayewasilisha kwa mdomo, na klabu ambayo wengi hawajasoma. Inafaa pia sana watu wanaosoma kitabu cha Kiingereza lakini wanajadili kwa Kiswahili, kwa kuwa mfano unahama lugha kwa urahisi kuliko istilahi. "Kudumaa kwa teknolojia" ni maneno yanayopita. Kitambaa cha kigeni kinachofurika sokoni huku mfumaji wa mkono akishindwa kufikia mahitaji ni picha inayobaki.

## Kwa hali yako

Kama hujawahi kusoma historia ya kipindi hiki na una wiki nzima, mfuate mwandishi aya kwa aya, halafu fanya lile zoezi la kalamu nyekundu kabla ya kusema umemaliza.

Kama klabu yenu ni ya watu wanaosoma kweli na kubishana kweli, wape uti wa mgongo. Andikeni sentensi ya juu kwenye ubao au mstari wa kwanza wa karatasi, na mjadala uanze kwa kuuliza kama sentensi hiyo inamtendea mwandishi haki. Nimeona saa nzima ikienda kwenye neno moja la "ingawa", na ilikuwa saa nzuri.

Kama una siku mbili tu na utazungumza badala ya kugawa karatasi, chukua mifano mitatu. Kwa sura hii ningechukua umri wa waliochukuliwa, Dahomey, na karafuu, kwa mpangilio huo.

Kama mnagawana sura, kila mtu sehemu yake, msichanganye njia. Mmoja akileta orodha, mwingine hoja na wa tatu hadithi, hakuna atakayeweza kuzishona. Kubalianeni kwanza kwamba wote mtaleta sentensi moja ya juu na mfano mmoja unaothibitisha. Na aliyepewa sehemu ya tatu apewe muda zaidi, kwa sababu yeye ndiye atakayelazimika kusoma pia sehemu za wenzake ili ajue "ingawa" yake inasimama mbele ya nini.

Na kama ukurasa umekamilika lakini huna hakika nao, mpe mtu mmoja ambaye hakusoma, umwombe akueleze kwa maneno yake Rodney anadai nini na kwa nini Dahomey imetajwa. Akijibu la kwanza akakwama la pili, mfano wako umepoteza kazi yake. Rudi uandike upya ile sentensi ya "kuonyesha kwamba". Akijibu la pili akakwama la kwanza, rudi kwenye sentensi ya juu.